Deheni ya Ngozi ya Mtoto

Fundi wa majahazi hapaki deheni kwenye ubao uliolowa. Chombo hupandishwa mchangani, kikakwanguliwa, kikaachwa kipigwe na jua na upepo. Mbao zikishakauka ndipo fundi anapochukua shahamu iliyochanganywa na chokaa, akaipaka kwa kiganja, tabaka nene, toka mkukuni hadi pale maji yatakapofika. Akipaka juu ya unyevu, deheni haishiki, na kazi yote inabanduka chombo kikirudi baharini.

Nimezaliwa Tanga na nimeyaona haya tangu utotoni. Hata hivyo, binti yangu alipotoka vipele vya nepi akiwa na miezi tisa, nilifanya kila kitu ambacho fundi yule asingekifanya. Nilipaka dawa juu ya unyevu. Nilisugua mahali palipochubuka. Nilibadilisha krimu kabla ya ile ya kwanza kufanya kazi. Makosa yangu ni ya kawaida sana, ninayaona kwa majirani na kwa ndugu, na kila moja lina sababu yake inayoeleweka. Ndiyo maana nimeamua kuyaandika.

Ilikuwa Februari, kaskazi imeshika, usiku shuka zinagandana na mwili. Jumatatu mtoto alianza kuharisha. Kufika Jumanne jioni alikuwa amechafua nepi mara saba. Kila mara nilimfuta kwa vile vitambaa vyevu vinavyouzwa kwenye pakiti, waipsi, zenye harufu nzuri ya maua. Kisha nilimpaka poda na kumfunga pampasi nyingine. Jumatano asubuhi matako yake yalikuwa yamebadilika rangi na kung'aa kama yamepakwa mafuta, na waipsi ilipomgusa alipiga ukelele kama ametiwa pilipili.

Mama yangu, ambaye alikuja kunisaidia, alimtazama akasema, "Mwanangu, mtoto ameungua. Mvue hiyo pampasi." Nilimvua. Nikamvisha nepi ya kitambaa, na juu yake chupi ya nailoni ili asiloweshe kitanda. Jirani alinipa dawa ya antibiotiki iliyobaki kwa mwanawe, nikamnywesha mtoto ili kuharisha kukome. Hali ilizidi kuwa mbaya.

Kinachounguza ni nini

Kwetu tunasema mtoto ameungua na pampasi, kana kwamba nepi ina moto. Joto linachangia, kwa sababu linaleta jasho, lakini kinachokula ngozi ni kitu kingine.

Tabaka la juu kabisa la ngozi limepangwa kama makuti ya paa. Seli zilizokauka zimelaliana, na kati yake mna mafuta yanayozuia maji yasipite ovyo. Kwa mtoto mchanga paa hili ni jembamba kuliko la mtu mzima. Juu yake kuna uchachu kidogo, ambao ni sehemu ya ulinzi. Kwenye kipimo cha pH, ambapo maji safi ni 7 na namba za chini ni uchachu, ngozi yenye afya huwa karibu na 5 au 5.5. Mtoto anapozaliwa, ngozi yake iko karibu zaidi na 7, na uchachu unajengeka polepole katika wiki za mwanzo.

Sasa mfunge nepi. Mkojo unakaa, ngozi inalowa, na makuti yanavimba kama vidole vya mtu aliyefua kutwa nzima. Ngozi iliyovimba hivyo inachubuka kwa msuguano mdogo tu. Kisha kinyesi kinakutana na mkojo. Bakteria waliomo kwenye kinyesi wanavunja urea ya mkojo na kutoa amonia, ile harufu kali inayokukabili asubuhi unapofungua nepi ya usiku. Amonia inaua uchachu wa ngozi. Na uchachu ukiondoka, vimeng'enya vilivyotoka na kinyesi vinaamka.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima. Vimeng'enya hivyo ni vilevile ambavyo tumboni husaga protini na mafuta ya chakula. Ngozi nayo ni protini na mafuta. Kwa hiyo mtoto anapokaa na kinyesi kilicholoa mkojo, ngozi yake inameng'enywa kidogo kidogo kama chakula. Mtoto akiharisha, kinyesi kinapita haraka na vimeng'enya vinatoka vikiwa vingi na vikali zaidi. Ndiyo maana mtoto aliyekaa miezi mitano bila kipele anaweza kuchubuka ndani ya siku moja ya kuharisha. Ndiyo maana pia watoto wanaonyonya maziwa ya mama huchubuka mara chache zaidi, kwa sababu kinyesi chao kina uchachu zaidi na vimeng'enya vyake ni dhaifu.

Mama alikuwa sahihi kutaka pampasi ivuliwe. Hewa ilihitajika. Mimi nilikosea nilipoweka nailoni mahali pake. Nepi ya kitambaa haifyonzi mkojo na kuufungia ndani kama ile ya kutupa, na nailoni juu yake inageuza kila kitu kuwa chungu kilichofunikwa. Kinachoamua zaidi kuliko aina ya nepi ni muda ambao unyevu na kinyesi vinakaa kwenye ngozi. Nepi yenye kinyesi ibadilishwe pale pale. Ya mkojo, mchana, isizidi saa mbili au tatu. Najua bei ya pampasi inawafanya wazazi wengi kuvuta moja hadi jioni. Njia nafuu ni kumwacha mtoto bila nepi kabisa kwa vipindi vifupi, akiwa amelala juu ya khanga iliyokunjwa, na kuhifadhi pampasi kwa ajili ya usiku na safari.

Kuoga: maji kwanza, sabuni baadaye

Tulipofika kliniki, wiki ya pili, muuguzi hakuuliza kwanza nimepaka nini. Aliuliza, "Mama Neema, unamwogesha vipi?"

Nilimweleza kwa fahari kidogo. Mara mbili kwa siku, sabuni mwili mzima hadi povu, na kwenye maji matone ya ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe kama maziwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba sabuni nyingi za kipande zina pH ya kati ya 9 na 10, na kwamba povu lile linabeba uchafu pamoja na mafuta ya ngozi. Dawa ya kuua vijidudu ni ya sakafu na ya vyombo. Kwenye ngozi ya mtoto inakausha na kuwasha, na kwenye ngozi iliyochubuka inachoma.

Mtoto anayezaliwa leo hana haja ya kuogeshwa leo. Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri saa 24, ili asipoteze joto la mwili, na ule utando mweupe aliozaliwa nao usisuguliwe. Utando huo ni ulinzi wake wa kwanza, na utaingia ngozini wenyewe. Baadaye, kuoga mara mbili au tatu kwa wiki kunatosha, mradi uso, shingo, mikono na sehemu za nepi zisafishwe kila siku. Kwenye joto letu la pwani hakuna ubaya wa kumwogesha kila siku, kama maji ndiyo yanayofanya kazi na sabuni ni kidogo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Weka maji baridi kwanza kwenye beseni, kisha ongeza ya moto, ili mtoto asije akaingizwa kwenye maji yanayochoma. Pima kwa kiwiko. Maji yasihisiwe kuwa ya moto wala ya baridi, yawe vuguvugu kama mwili wenyewe, yaani karibu nyuzi 37. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Anza na uso kwa maji matupu, malizia na matako. Kama unatumia sabuni, iwe laini, isiyo na manukato, na uiache hadi mwisho, ili mtoto asikae ndani ya maji ya sabuni. Mkono mmoja usimwachie hata kama simu inaita au mlango unagongwa. Mtoto huzama kwenye maji ya kina kifupi mno, bila kelele.

Kisha mkaushe. Hili ndilo nililokuwa nikilipita haraka. Taulo linagandamizwa polepole, halisuguliwi, na linafika kila mkunjo: shingoni, makwapani, nyuma ya magoti, kinenani. Maji yaliyobaki kwenye mkunjo yanakaa hapo mchana kutwa. Mtoto wa kike afutwe kutoka mbele kwenda nyuma, kinyesi kisifike kwenye njia ya mkojo. Wa kiume asiyetahiriwa, govi lisivutwe nyuma kwa nguvu. Safisha nje, inatosha.

Harufu nzuri si usafi

Watu wa pwani tunapenda manukato. Nguo zinafukizwa udi, asumini inalala kitandani, mgeni anapokewa kwa marashi. Kwa hiyo pakiti ya waipsi yenye harufu ya maua inatuvutia, na mtoto anayenukia vizuri anaonekana ametunzwa. Mimi mwenyewe niliamini hivyo.

Lakini harufu ile ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, na mwenye kiwanda hana budi kuongeza dawa ya kuzuia ukungu ili kitambaa chenye maji kikae miezi dukani bila kuoza. Baadhi ya waipsi huwa na spiriti pia. Kwenye ngozi nzima mtoto anaweza kuvumilia. Kwenye ngozi ambayo makuti yake yamefumuka, kemikali hizo zinapita moja kwa moja hadi ndani, na hapo zinachoma au kufundisha mwili kuzikataa. Mwili ukishajifunza kukataa kitu, mzio huo hudumu miaka mingi, pengine maisha yote.

Dawa moja ya kuzuia ukungu, methilisothiazolinoni, ambayo mara nyingi hufupishwa kwa herufi MI, iliwaletea watu wengi mzio hivi kwamba mwaka 2013 madaktari wa mzio wa ngozi wa Marekani waliitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku kwenye vipodozi vinavyopakwa na kuachwa mwilini, waipsi zikiwemo. Ukiwa dukani, geuza pakiti usome viungo vilivyoandikwa nyuma. Ukiona manukato, spiriti au jina hilo refu, irudishe rafuni. Na kumbuka kwamba pakiti inayodai haina harufu si lazima iwe haina manukato, kwa sababu wakati mwingine manukato hutiwa ili kuficha harufu ya viungo vingine. Tafuta iliyoandikwa waziwazi kwamba haina manukato.

Waipsi za aina hiyo, zisizo na manukato wala spiriti, hazina tatizo kwa mtoto mwenye ngozi nzima, na safarini zinaokoa. Nyumbani, pamba na maji ya vuguvugu vinafanya kazi ileile kwa bei ndogo. Ninaweka maji kwenye chupa ya chai asubuhi, pamba kwenye kopo lenye kifuniko, na kipande cha khanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa. Kinyesi kilichokauka sikisugui. Naweka pamba iliyolowa juu yake, nahesabu hadi thelathini, kinalainika chenyewe. Mtoto akiwa amechubuka sana, hata pamba inauma. Hapo namkalisha kwenye beseni la maji ya vuguvugu, namsafisha kwa kumwagia kwa kiganja.

Poda nayo niliiweka kando. Haizuii mkojo, inagandana na jasho kwenye mikunjo na kukwaruza kama mchanga, na vumbi lake likivutwa na mtoto linaingia mapafuni.

Wanaotumia nepi za vitambaa wazisuuze hadi maji yatoke bila povu, kwa sababu sabuni iliyobaki kwenye uzi inarudi kwenye ngozi pindi mtoto anapokojoa. Dawa za kulainisha na kunukisha nguo zisitumike. Nepi zianikwe kwenye jua kali, kisha zipigwe pasi pande zote mbili. Katika nchi zetu kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini, na funza wake huingia ngozini. Pasi ya moto inaua mayai hayo.

Kupaka deheni

Muuguzi alichota krimu nyeupe, nzito kama ugali mwepesi, akaniuliza kama naijua. Ilikuwa krimu ya oksidi ya zinki. Ni unga mweupe wa madini uliokorogwa ndani ya mafuta, kwa kawaida kuanzia asilimia 10 hadi 40. Nilipoitazama vizuri nikaikumbuka shahamu na chokaa ya mafundi wa Tanga. Ni wazo lilelile: mafuta yanazuia maji, unga unayapa uzito yasiteleze.

Krimu hii haiui vijidudu na haina dawa ya kuponya kwa maana tunayoizoea. Inasimama katikati ya ngozi na kinyesi, vimeng'enya vinakula hewa, na ngozi chini yake inapata nafasi ya kujiezeka upya. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu hufanya kazi hiyohiyo, ni ya bei nafuu, na yanatosha kabisa kwa kinga ya kila siku. Kwa ngozi ambayo tayari imechubuka, zinki inakaa zaidi.

Makosa ya upakaji ni matatu, na niliyafanya yote. La kwanza ni kupaka juu ya ngozi mbichi. Safisha, gandamiza kwa kitambaa kikavu, kisha mwache mtoto uchi dakika kumi au kumi na tano juu ya khanga. Paka baada ya hapo. La pili ni kupaka tabaka jembamba na kulisugua hadi lipotee, kama mtu anayejipaka losheni. Ngozi iliyochubuka inahitaji tabaka linaloonekana, unene wa siagi kwenye mkate wa mtu asiye bahili, hadi usiweze kuona ngozi chini yake. La tatu ndilo linalowaumiza watoto zaidi, nalo ni kuikwangua krimu yote kila unapobadilisha nepi. Ondoa ile ya juu tu iliyochafuka. Iliyobaki, kama ni safi, iache, ongeza nyingine juu yake. Ukitaka kuondoa yote mara moja kwa siku, lowesha pamba kwa mafuta ya nazi au ya alizeti na uipitishe polepole. Maji peke yake hayawezi kuitoa, na ukiyalazimisha utamchubua tena.

Kwa wenye nepi za vitambaa, krimu nzito huziba nyuzi na nepi huacha kufyonza. Tandika kipande cha kitambaa laini katikati, ambacho utakifua kando kwa maji ya moto.

Mikunjo inaposema jambo jingine

"Hebu njoo uone," muuguzi alisema, akainua mguu wa mtoto na kupanua mkunjo wa kinena. "Vipele vya kuchubuliwa na kinyesi vinakaa kwenye miinuko, pale nepi inapogusa. Mikunjo inasalimika, kwa sababu imejificha. Huyu wako mikunjo imeshambuliwa. Na hivi vidoti vilivyotawanyika nje ya kidonda, unaviona? Kama vifaranga waliomzunguka kuku."

Niliviona. Vilikuwa vimeanza Jumamosi, nami nilidhani ni joto.

Ilikuwa fangasi aina ya kandida. Hawa huishi tumboni na mwilini bila madhara, lakini ngozi iliyolowa na kuchubuka kwa siku tatu hivi inawafungulia mlango. Antibiotiki ya jirani ilisaidia kuufungua zaidi, kwa sababu iliua bakteria wanaowadhibiti. Krimu ya zinki peke yake haiwaondoi. Muuguzi alimchungulia mtoto mdomoni kutafuta utando mweupe usiofutika, ambao ni dalili ya fangasi hao hao, kisha akaandika krimu ya klotrimazo ya asilimia 1. Ipakwe nyembamba kwenye ngozi kavu, isubiriwe dakika chache ipenye, kisha zinki nene ije juu yake. Nisisimamishe siku vipele vitakapopotea machoni, bali niendelee hadi siku alizoandika zitimie.

Nilimwonyesha pia tyubu niliyonunua duka la dawa Jumapili. Ilikuwa na dawa tatu kwa pamoja: ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali. Siku ya kwanza ilifanya maajabu, wekundu ukatulia. Siku ya tatu vipele vikarudi vikiwa vimetanuka. Alinieleza kwamba steroidi hutuliza uvimbe, hivyo mzazi anaona nafuu, huku fangasi akiendelea kuenea kimya kimya. Na kuna hatari nyingine. Dawa iliyopakwa chini ya nepi ni kama imefungwa bandeji, inapenya kwa wingi kuliko mahali pengine pa mwili. Ikitumiwa wiki nyingi inafanya ngozi kuwa nyembamba zaidi, na ikiingia kwenye damu inaweza kuvuruga homoni za mtoto na ukuaji wake. Steroidi hafifu hutolewa wakati mwingine, kwa siku chache, na mhudumu aliyemwona mtoto. Ile ya kununua kwa kukisia haifai kabisa.

Kuna neno moja la mwisho kuhusu kutazama. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Binti yangu alikuwa na weusi wa zambarau, kama tunda la zambarau lililoiva, na mng'ao usio wa kawaida. Kwa mtoto mweusi zaidi unaweza kuona rangi ya kijivu, au usione rangi yoyote. Tumia vidole: ngozi ni ya moto kuliko ya tumboni? Imevimba, inakwaruza? Analia ukimfuta? Hizo ndizo dalili zako.

Siku nane

Nilirudi nyumbani na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuacha: sabuni, waipsi, poda, dawa ya kwenye maji, tyubu ya dawa tatu, chupi ya nailoni. Ya pili ilikuwa ratiba. Kila baada ya saa mbili mchana nilifungua nepi hata kama ilionekana kavu. Maji ya vuguvugu, kitambaa, khanga, dakika kumi na tano. Klotrimazo asubuhi na jioni, zinki kila mara. Usiku nilimbadilisha mara moja, nilipoamka kumnyonyesha.

Siku ya pili aliacha kulia alipofutwa. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kupona, inatangulia rangi. Siku ya tatu mng'ao ulipotea, na ngozi ikaanza kuonekana kavu na yenye magamba madogo. Siku ya tano vidoti vya nje vilibaki vichache vya kuhesabika. Siku ya nane ngozi ilikuwa imefunga. Nikaendelea na klotrimazo hadi siku zilizoandikwa zikaisha.

Kama siku ya tatu ingefika bila nafuu, ningerudi kliniki. Kuna hali nyingine ambazo hazisubiri siku tatu: homa, malengelenge au usaha, magamba ya njano kama asali iliyokauka, kutokwa damu, duara lililowaka kuzunguka njia ya haja kubwa, au vipele vinavyopanda tumboni na mgongoni. Mtoto aliye chini ya mwezi mmoja akitoka malengelenge au usaha apelekwe siku hiyohiyo. Na anayeharisha anahitaji chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini na vidonge vya zinki vya kunywa vinavyotolewa kliniki, kwa sababu matako hayatapona wakati tumbo bado linamwaga.

Ngozi ilipofunga iliacha mabaka yaliyopauka, meupe kuliko mwili wake. Nilitishika, nikakimbilia kutafuta cha kupaka. Muuguzi alinizuia kwenye simu: "Usimpake kitu, Mama Neema. Rangi itarudi yenyewe, mpe miezi." Nilimkubalia kwa shida. Kaskazi ikaisha, masika yakanyesha, na kusi ilipoanza kuvuma nilimlaza kwenye khanga ileile nikamgeuza nitazame. Sikuweza kuonyesha tena mabaka yalikuwa wapi.